Sehemu ya tatu ya mtihani wa kuongea wa IELTS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kurefusha jibu

Ukurasa huu unahusu dakika chache za mwisho za mtihani wa kuongea, pale mtahini anapoacha kukuuliza habari zako na kuanza kukuuliza habari za watu kwa jumla. Nimewaandaa watahiniwa kwa muda mrefu, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki. Majibu ya mfano nimeyaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Utayasema kwa Kiingereza siku ya mtihani, lakini ninachotaka ukione hapa ni mjengo wa jibu, na mjengo huonekana vizuri zaidi katika lugha ambayo haikupi shida.

Sehemu ya tatu inatofautianaje na zile mbili za mwanzo?

Mtihani wote wa kuongea huchukua dakika 11 hadi 14. Katika sehemu ya kwanza unaulizwa mambo yako mwenyewe: unapoishi, kazi au masomo yako, unachopenda kufanya. Katika sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, unajiandaa kwa dakika 1, kisha unaongea peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Sehemu ya tatu huchukua dakika 4 hadi 5, nayo inaichukua ile mada ya kadi na kuipandisha juu. Kama kadi ilikutaka ueleze ujuzi fulani uliojifunza, sasa utaulizwa kwa nini watu wengine hujifunza haraka kuliko wengine, au kama ujuzi wa mikono utapotea miaka ijayo.

Njia rahisi ya kuligundua badiliko hili ni kusikiliza kiima cha swali. "Wewe" ameondoka. Mahali pake wamekuja "watoto", "waajiri", "jamii", "watu wa zamani". Mtahiniwa asiyeligundua hilo huendelea kujibu kwa "mimi": mimi napenda, mimi nilifanya, kwetu sisi huwa hivi. Kiingereza chake kinaweza kuwa safi, lakini hajajibu alichoulizwa, na mtahini itabidi alirudishe swali tena.

Je, mtahini anapima ubora wa mawazo yangu?

Hapana. Alama hutolewa kwa vigezo 4 vyenye uzito sawa: ufasaha na mshikamano, msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna kigezo cha hekima, na hakuna anayekagua kama ulichosema ni kweli. Unaweza kutetea msimamo ambao mtahini mwenyewe haukubali na usipoteze chochote.

Hata hivyo, wazo lina kazi yake. Lugha unayoweza kuionyesha inategemea wazo unalolibeba. Ukisema "ni vizuri" na kunyamaza, umeonyesha sarufi ya maneno mawili. Ukisema jambo lingekuwa tofauti kama hali fulani ingebadilika, umelazimika kutumia sentensi ya masharti, nyakati mbili za kitenzi na msamiati wa hali yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza sababu, mfano na tofauti. Sababu hukulazimisha uunganishe sentensi. Mfano hukutoa kwenye maneno ya jumla kama "vitu" na "mambo" na kukupeleka kwenye maneno mahususi. Tofauti ndiyo huzaa sarufi nzito: ulinganishi, masharti, na kauli za "ingawa" na "ilhali".

Kurefusha jibu maana yake nini? Niongee tu mpaka nikatishwe?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kurefusha ni kujibu swali ambalo mtahini bado hajakuuliza ila yuko karibu kukuuliza. Ukitoa msimamo, swali linalofuata katika kichwa cha msikilizaji yeyote ni "kwa nini?" Ukitoa sababu, linalofuata ni "kama lipi, kwa mfano?" Ukitoa mfano, msikilizaji makini hujiuliza "je, ni hivyo siku zote, na kwa kila mtu?" Sababu, mfano na tofauti ni majibu ya maswali hayo 3, na ndiyo maana yanafuatana kwa mpangilio huo bila kulazimishwa. Ukiweza kujiuliza maswali hayo kimoyomoyo, hutahitaji fomula nyingine.

Tuchukue swali moja tulifanyie kazi mpaka mwisho: "Je, unadhani watoto hujifunza mambo mapya kwa urahisi kuliko watu wazima?"

Jibu la kwanza, ambalo nalisikia mara nyingi sana:

"Ndiyo, watoto hujifunza haraka. Akili zao bado ni mpya."

Hili halina kosa lolote, lakini limekwisha kwa sekunde 5, na sasa mtahini ndiye anayevuta kamba. Atauliza "kwa nini unasema hivyo?", utajibu sekunde nyingine 5, atauliza tena. Mazungumzo yanageuka mahojiano ya kuvutana.

Jibu la pili ni la mtu aliyeambiwa "ongea kwa urefu":

"Ndiyo, nakubaliana kabisa na kauli hiyo. Watoto hujifunza haraka sana, na kujifunza ni jambo muhimu sana katika maisha. Siku hizi kila mtu anatakiwa kujifunza, kwa sababu bila kujifunza huwezi kuendelea. Kwa hiyo nadhani watoto hujifunza haraka na hilo ni jambo zuri sana."

Hili ni refu, ila halijatoka mahali lilipoanza. Hata "kwa sababu" iliyomo imefungwa kwenye jambo jingine: inaeleza kwa nini kujifunza ni muhimu, wala haigusi kwa nini mtoto ni mwepesi kuliko mtu mzima. Mtahini analisikia hilo mara moja, kwa maana neno "kujifunza" limerudi mara 5 na hakuna neno jipya la maana lililoingia.

Jibu la tatu:

"Kwa mambo mengi, ndiyo, ila sidhani kwamba chanzo chake ni akili. Nadhani mtoto haogopi kukosea. Chukua kuendesha baiskeli: mtoto huanguka, hulia kidogo, hupanda tena, na hakuna anayemcheka kwa kuwa kila mtu alitarajia aanguke. Mtu mzima akianguka mara mbili mbele ya watu, huenda akaiegemeza baiskeli ukutani asiiguse tena. Lakini yapo mambo ambayo mtu mzima hutangulia, hasa yale yanayohitaji mpangilio. Aliyeamua kusomea uhasibu akiwa na miaka 40 anajua anachokitafuta, na atakaa mezani saa 2 bila kusukumwa na mtu. Kwa hiyo mtoto ana ujasiri zaidi, mtu mzima ana lengo."

Angalia kilichofanyika. Sentensi ya kwanza imejibu swali moja kwa moja na papo hapo imeweka mpaka: "kwa mambo mengi". Sentensi ya pili ni sababu moja tu, ila ni sababu halisi ambayo mtu anaweza kuibishia. Mfano wa baiskeli umechukua sentensi 2 na umeleta maneno ambayo swali halikuwa nayo: kuanguka, kucheka, kutarajia, kuegemeza. Kisha neno "lakini" limegeuza upande, na tofauti imepewa mfano wake mdogo. Sentensi ya mwisho imerudi kwenye swali. Kwa mwendo wa kawaida wa kuongea hilo ni jibu la sekunde 45 au 50, nami naliona kuwa ndio ukingo wa juu.

Kila jibu lazima liwe na vitu vyote vitatu?

La. Katika dakika 4 hadi 5, ukiondoa muda wa mtahini kuuliza, una nafasi ya majibu machache tu, pengine 5 au 6. Ukiyajenga yote kwa mpangilio uleule, kufikia la tatu mtahini ameshausikia mtindo, na viunganishi vyako vitaanza kujirudia. Maelezo ya bendi ya 5 ambayo IELTS huyaweka wazi kwa umma yanataja waziwazi tatizo la kutumia viunganishi fulani kupita kiasi.

Swali lenyewe litakuambia linataka nini. Likiwa "kwa nini...", sababu ndiyo jibu lenyewe, hivyo toa mbili na uipe mfano ile yenye nguvu. Likiwa la kulinganisha zamani na sasa, tofauti ndiyo uti wa mgongo, na sababu hufuata. Likiwa la kutabiri, mfano wa leo ndio huonyesha kesho inaelekea wapi. Swali la "ni aina gani za..." hutaka mifano kwanza, na hapo mtahiniwa hujaribiwa kuorodhesha vitu 6 kwa pumzi moja. Taja viwili, kisha eleza kwa nini kimoja kinazidi kingine. Orodha haina sarufi ndani yake.

Sababu zangu zinasikika za kitoto. Nifanye nini?

Mara nyingi tatizo ni kwamba sababu ni swali lilelile lililovaa nguo nyingine. "Watu wanapenda kusafiri kwa sababu kusafiri kunapendeza." "Elimu ni muhimu kwa sababu ina umuhimu mkubwa." Ipime sababu yako hivi: je, kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuikataa? Kama hayupo, huenda hujasema kitu.

Njia ya pili ni kushuka ngazi moja zaidi. Umesema watu hupenda kusafiri ili wapumzike. Sawa, kwa nini wasipumzike nyumbani? Kwa sababu nyumbani kazi ambazo hazijaisha ziko mbele ya macho yao. Hiyo sasa ni sababu. Haikuhitaji elimu ya juu, imehitaji "kwa nini" ya pili tu. Katika mazoezi nawaambia wanafunzi waitupe sababu ya kwanza inayowajia na kusema ya pili. Mwanzoni hilo huwachelewesha, lakini baada ya siku kadhaa ile ya pili huja karibu kwa kasi ya ya kwanza.

Naweza kutoa mfano wa maisha yangu, au ni kosa?

Unaweza. Si kosa, mradi mfano utumikie hoja na usiimeze. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa msimuliaji hodari. Aliulizwa kama wazee wana nafasi ya kufundisha vijana, akajibu ndiyo, kisha akaanza: "Kwa mfano, bibi yangu..." Dakika nzima baadaye tulikuwa tunajua rangi ya kiti cha bibi, ila swali lilikuwa limesahaulika, hata na yeye mwenyewe. Kiingereza kilitiririka, lakini alikuwa amerudi sehemu ya pili ya mtihani bila kujua.

Tulimrekebisha kwa kanuni ndogo: mfano wa nafsi yako upewe sentensi 2, na ya 3 ianze kwa "watu wengi", "vijana", au neno lolote lililokuwa kiima cha swali. Akafanya hivi: "Bibi yangu alinifundisha kushona bila kunieleza chochote; nilikaa karibu naye nikaiga mikono yake. Sikuwahi kuhisi kwamba nafundishwa. Nadhani vijana wengi hujifunza kwa wazee namna hiyo, kwa kukaa nao, kuliko kwa kupewa mawaidha." Sentensi ya 3 ndiyo iliyoupandisha mfano kutoka kwa bibi mmoja hadi kwa wazee wote, na pia imeleta tofauti ndogo mwishoni: kukaa nao, kinyume cha kupewa mawaidha.

Kama maisha yako hayana mfano unaofaa, tunga mtu. "Fikiria mtu aliyefanya kazi ileile miaka 20 kisha mashine ikaichukua." Huyo hahitaji jina wala mahali. Uzuri wake ni kwamba kumfikiria kunakuingiza kwenye sentensi za "angefanya" na "asingeweza" bila wewe kuzitafuta.

Jambo moja ninalowakataza kabisa ni takwimu za kubuni. "Utafiti umeonyesha kwamba asilimia 80..." Mtahini hatakwenda kuzikagua, kweli, lakini hazikupi alama yoyote, na karibu kila mara huja na sentensi iliyokaririwa.

Tofauti ndiyo inayonishinda. Nikisema upande wa pili si najipinga mwenyewe?

Hujipingi kama unaonyesha ni wapi mpaka ulipo. Kujipinga ni kusema "watoto hujifunza haraka, lakini watu wazima pia hujifunza haraka" na kuacha hapo. Msikilizaji hajui akuweke wapi. Ukiongeza neno moja la kugawa, "katika mambo yanayohitaji mpangilio", pande zote mbili zinakaa pamoja bila kugombana.

Ndiyo maana sikatazi "inategemea", ila nataka sentensi iendelee. Inategemea nini? Watahiniwa wengi husema neno hilo kama kituo cha kupumzika, ilhali ni mlango. Kuna mistari michache ya kugawia ambayo hufaa karibu kila swali dhahania: umri, wakati, uwezo wa kifedha, mahali penye watu wengi na penye wachache, na mtu mmoja mmoja dhidi ya jamii nzima. Hebu tujaribu kwa swali "Je, teknolojia imewafanya watu wawe wapweke?" Kwa mstari wa umri: kijana anayezungumza na rafiki wa mbali kila usiku asingekuwa na rafiki huyo bila simu, lakini mzee ambaye watoto wake wameacha kumtembelea kwa kuwa "tunaongea kwenye simu" amepoteza kitu. Tayari una jibu. Limetokana na kuchagua mstari mmoja na kuweka mtu mmoja kila upande.

Usitumie mistari yote kwa pamoja. Mmoja unatosha jibu moja. Anayegawa kwa umri, kisha kwa fedha, kisha kwa mahali, hupotea katikati na kuanza kujirekebisha kila sentensi. Hapo kigezo cha mshikamano huumia, kwa kosa ambalo halikuwa la lugha.

Mtahini ananikatiza kabla sijamaliza. Nimefanya vibaya?

Hapana. Ana muda wa kuufuata na maswali ya kufikia, na ni lazima asimamishe kwa wakati. Kukatizwa hakupunguzi alama. Usijaribu kumalizia sentensi kwa haraka juu ya sauti yake, nyamaza na umsikilize.

Anapouliza swali linalonipinga, nibadilishe msimamo?

Tuendelee na mfano wetu. Umesema mtu mzima hukwama kwa kuogopa kuchekwa. Mtahini anaweza kusema: "Lakini je, hofu hiyo haiwezi kuwa na faida?" Wengi hutishika hapa. Hudhani wamekosea, wakasema "ndiyo, ni kweli, ina faida", na jibu likafa. Mtahini hakukasirika wala hakukusahihisha. Katika sehemu hii ana uhuru wa kufuata ulichosema na kukisukuma mbele, ili aone lugha yako inafika wapi ukiondolewa kwenye mambo uliyoyazoea.

Namna nzuri ni kumpa kidogo na kubaki na chako: "Inaweza, kwa kiasi fulani. Mtu anayeogopa aibu hujiandaa vizuri kabla ya kusimama mbele za watu, kwa hiyo hofu humfanya awe makini. Tatizo ni kwamba mwanzoni hakuna njia ya kujiandaa, lazima ukosee kwanza. Kwa hiyo ningesema hofu humsaidia anayejua kiasi, na humzuia anayeanza." Mstari wa kugawa hapa ni anayeanza dhidi ya aliyekwishajua. Msimamo wako wa mwanzo bado umesimama, ila sasa una umbo zaidi.

Na ukibadilisha msimamo kwa dhati pia ni sawa. Sema tu kwamba hukulifikiria hilo, na kwa nini limekugeuza.

Nisipolielewa swali je? Na nikilielewa ila sina la kusema?

Kama hukulielewa, mwombe alieleze kwa namna nyingine. Katika sehemu ya tatu mtahini anaweza kulibadilisha swali kwa maneno mengine, na kuomba mara moja ni jambo la kawaida kabisa katika mazungumzo. Kubahatisha na kujibu swali ambalo hukuulizwa ni kubaya zaidi.

Kukosa la kusema ni tatizo tofauti. Swali kama "Je, usanifu wa majengo huathiri tabia za watu?" linaweza kumkuta mtu ambaye hajawahi kuwaza jambo hilo maishani. Kusitasita ukitafuta wazo hakulingani na kusitasita ukitafuta neno. Maelezo ya bendi za juu yanaitambua tofauti hiyo: mzungumzaji wa bendi ya 8 husitasita zaidi kwa ajili ya maudhui, na mara chache kwa ajili ya lugha. Kwa hiyo sema kwa sauti kwamba hujawahi kulifikiria, kisha anzia kwenye mfano badala ya msimamo. "Sijawahi kulifikiria. Nikijaribu kukumbuka, katika chumba chenye dari refu na mwanga mwingi watu huzungumza kwa uhuru, ilhali kwenye ukumbi mwembamba wenye giza kila mtu hupita haraka. Kwa hiyo pengine ndiyo, hasa majengo tunayokaa muda mrefu." Mpangilio umegeuzwa: mfano, tofauti, kisha msimamo. Unapokuwa mtupu, mfano ndio huja kwa urahisi, na hakuna sheria inayokutaka uanze na hukumu.

Ila usiitumie sentensi ya "sijawahi kulifikiria" kwa kila swali. Ikirudi mara ya tatu inasikika kama kizibo cha muda.

Nikikariri majibu ya mada zinazotokea mara nyingi, itasaidia?

Itakuumiza. Watahini wamefunzwa kuyatambua, na hata asiyefunzwa angeyatambua: kasi inapanda ghafla, matamshi yananyooka kama ya msomaji wa taarifa, na jibu linapita kando ya swali. Kisha linakuja swali la nyongeza kuhusu ulichokisema, na lugha inashuka ngazi mbili. Pengo hilo husikika wazi.

Kinachofaa kuandaliwa ni vifaa vya kugawia nilivyovitaja, pamoja na mifano michache iliyo yako kweli, inayoweza kugeuzwa upande huu au ule. Mfano wa mtu mzima na baiskeli unaweza kutumika kwa kujifunza, kwa hofu, kwa tofauti za vizazi, hata kwa matangazo ya biashara yanayowauzia watu ujasiri. Maneno yatakuwa mapya kila mara, na ndivyo inavyotakiwa.

Nitafanyaje mazoezi nikiwa peke yangu, na nitajuaje kama naendelea?

Chukua swali moja kwa siku. Ukichukua 10 hutayachambua. Jirekodi kwa simu kwa sekunde 40 bila kuandika chochote kabla. Kisha sikiliza na uandike neno kwa neno ulichosema, pamoja na makosa na vigugumizi vyote. Kazi hii inachosha, najua, lakini ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Kwenye karatasi hiyo fanya mambo 2. Kwanza, pigia mstari kila sentensi ambayo ingeweza kuondolewa bila jibu kupoteza kitu. Watahiniwa wapya hushangaa kuona nusu ya jibu iko chini ya mstari. Pili, pembeni mwa kila sentensi iliyobaki andika inajibu lipi kati ya yale maswali 3: kwa nini, kama lipi, au je, ni hivyo siku zote. Ukiona "kwa nini" zimejaa na hakuna "kama lipi" hata moja, unajua kesho uanzie wapi.

Rudia swali hilohilo bila kuisoma karatasi, kwa sekunde 40 zilezile. Usijaribu kusema zaidi, jaribu kuingiza mfano mmoja au tofauti moja mahali palipokuwa na sentensi tupu. Baada ya wiki 2 linganisha karatasi za mwanzo na za mwisho. Dalili ninayoiangalia mimi ni mahali pa kimya. Mwanzoni kimya huangukia katikati ya sentensi, mtu akitafuta neno. Mtu akianza kuendelea, kimya huhamia mwisho wa sentensi, pale anapojiuliza aende wapi.

Ukipata wa kufanya naye mazoezi, mpe kazi moja tu: baada ya kila jibu lako akuulize "kwa nini?", "kama lipi?" au "siku zote?", lolote analolihisi limebaki wazi. Akikosa la kuuliza, hapo jibu lilikuwa limejaa.